Muhtasari wa mpango wa biashara ambao mwekezaji ataumaliza: mfano wa kiwanda cha alizeti Singida

Mwekezaji anayeletewa mipango kila wiki haanzi kwa kusoma, anaanza kwa kutafuta. Macho yake yanapita kwenye ukurasa yakitafuta kiasi cha pesa unachotaka, kazi ambayo pesa hizo zitafanya, na njia ambayo zitamrudia. Akivipata mapema, anatulia na kusoma sababu zako. Akifika katikati ya ukurasa hajaviona, anaufunga, na mara nyingi hutajua kwamba aliufunga, kwa sababu hatakuandikia kukuambia.

Kwa hiyo nitaonyesha namna ya kuandika ukurasa huo kwa mfano mmoja wa biashara ninayoielewa vizuri: kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida. Bei na kiasi nitakazotumia ni za mfano tu, weka za kwako. Mtiririko wa hesabu, hata hivyo, ndio ule ule ambao mwenye kiwanda chochote cha aina hii anakutana nao.

Hatua ya 1: Tafuta jambo moja linalokwamisha biashara

Usifungue kompyuta bado. Jiulize kwanza: kama mtu angekukabidhi pesa leo, ni kitu gani kimoja kingebadilika ambacho bila pesa hizo hakiwezi kubadilika?

Wenye viwanda vya alizeti wengi hujibu haraka: mashine mpya. Jibu hilo linafaa kuchunguzwa. Alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia Mei hadi Julai hivi. Wakati huo mbegu zimejaa na bei iko chini. Kadiri miezi inavyokwenda mbegu zinaadimika, bei inapanda, na kiwanda ambacho hakikuweka akiba kinasimama. Kiwanda chetu cha mfano kina mashine inayokamua tani 2.5 kwa siku. Msimu uliopita kilinunua tani 400. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, tani hizo zinatosha miezi sita na kidogo, yaani kuanzia katikati ya Juni hadi Desemba. Januari hadi msimu mpya mashine imelala, kodi ya jengo inalipwa, mlinzi analipwa, fundi analipwa.

Hapo mashine ya pili ingeongeza tu kitu cha pili cha kulala. Kinachokwama ni pesa ya kununua mbegu nyingi zaidi Julai na Agosti, na mahali pa kuziweka. Ukishalijua hilo umepata uti wa mgongo wa muhtasari wako, na kila sentensi itakayofuata lazima ishikane nao. Sentensi isiyoshikana nao, hata kama ni ya kweli na nzuri, nafasi yake ni kwenye mpango mrefu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya tani moja

Mwekezaji haamini jumla kubwa mpaka aone kipande kidogo anachoweza kukihakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Kwa biashara ya kukamua, kipande hicho ni tani moja ya mbegu.

Tuseme tani moja inatoa lita 280 za mafuta na kilo 650 za mashudu. Mafuta yanauzwa kwa jumla shilingi 4,000 kwa lita, sawa na shilingi 1,120,000. Mashudu yanakwenda kwa wafugaji kwa shilingi 500 kwa kilo, sawa na 325,000. Jumla ya mauzo ni 1,445,000. Mbegu zilinunuliwa kwa 900 kwa kilo, yaani 900,000. Usafiri, umeme, vibarua na madumu vinakula 300,000. Zinabaki 245,000.

Tazama mashudu. Ukiyaondoa kwenye hesabu hii, tani moja inakuingiza hasara ya shilingi 80,000. Anayeandika kwamba anauza mafuta tu, huku faida yake yote inategemea mfugaji wa kuku, atakuwa ameficha moyo wa biashara yake bila kukusudia. Mwekezaji mwenye uzoefu wa viwanda vya mafuta ataliuliza swali la mashudu kabla ya jingine lolote, kwa hiyo lijibu kabla hajauliza.

Sasa jumla inajengeka yenyewe. Tani 400 zilileta mauzo ya milioni 578 na kubakiza milioni 98. Ukitoa gharama za kudumu za mwaka, tuseme milioni 60, faida ni milioni 38. Tani 200 za nyongeza zingebakiza milioni 49. Gharama za kudumu zimeshalipwa tayari, kwa hiyo unatoa tu bima na ulinzi wa ziada wa ghala, tuseme milioni 4, na zinabaki milioni 45. Hii ndiyo hoja yote: tani hizi 200 zina faida kuliko tani 400 za mwanzo, kwa sababu zinakamuliwa na mashine ambayo vinginevyo ingelala. Mtu yeyote anaweza kuifuata, na hilo ndilo unalotaka.

Hatua ya 3: Amua ni pesa ya aina gani

Wengi hulivuka jambo hili na kuandika tu kwamba wanatafuta mwekezaji. Anayenunua hisa na anayekopesha wanasoma ukurasa huo huo kwa macho tofauti. Wa kwanza anatafuta ukuaji wa miaka mingi na siku atakayouza hisa zake. Wa pili anatafuta tarehe ya kulipwa na kitu cha kushika mambo yakiharibika.

Kwa mbegu zinazonunuliwa Julai na kuwa pesa tena kufikia Machi, hisa hazina maana. Ungemwachia mtu sehemu ya kiwanda milele kwa shida ya miezi tisa. Inayofaa ni mkopo wa msimu. Tani 200 kwa 900,000 ni milioni 180. Ukimrudishia mwekezaji milioni 180 na milioni 27 juu, hiyo ni asilimia 15 kwa miezi tisa, na yeye ataigeuza kichwani kuwa asilimia 20 kwa mwaka kabla hujamaliza kupumua. Kwako zinabaki milioni 18. Na ghala je? Tuseme kuliongeza, pamoja na chaga za mbao na kipima unyevu, ni milioni 30. Kama unazo, ziweke wewe. Zitarudi kabla ya msimu wa pili kwisha, na mwekezaji ataona kwamba na wewe umeingiza mkono mfukoni.

Hatua ya 4: Andika aya ya kwanza kana kwamba ndiyo pekee atakayoisoma

Muhtasari huandikwa mpango mzima ukiwa umekamilika, ila aya hii inastahili kuandikwa na kuandikwa tena kuliko yote. Aya za kwanza nyingi zinafanana na hii:

"Sekta ya alizeti nchini Tanzania ina fursa kubwa, na Serikali imeipa kipaumbele. Mahitaji ya mafuta ya kula yanaongezeka siku hadi siku. Kampuni yetu, yenye maono ya kuwa kinara Afrika Mashariki, inazalisha mafuta yenye ubora wa hali ya juu kwa kutumia teknolojia ya kisasa na wafanyakazi waliobobea."

Hakuna uongo hapo, na hakuna kitu. Kila kiwanda cha mkoa mzima kingeweza kuweka sahihi chini yake. Mwekezaji amesoma sentensi tatu na hajui unakamua kiasi gani, umeuza nini, wala unataka nini. Sasa soma hii:

"Tunakamua alizeti Singida mjini. Msimu uliopita tulinunua tani 400 za mbegu na kuuza mafuta na mashudu ya shilingi milioni 578. Mbegu ziliisha Desemba, mashine ikasimama hadi msimu mpya huku wateja wakiendelea kuagiza. Tunaomba mkopo wa msimu wa shilingi milioni 180 kununua tani 200 zaidi Julai na Agosti, bei ikiwa chini, na kuzikamua Januari hadi Machi. Tutarudisha milioni 180 pamoja na milioni 27 ifikapo 30 Aprili. Ghala la kuhifadhia mbegu hizo tunalijenga kwa pesa zetu, milioni 30."

Hapa anajua wewe ni nani, umefanya nini, umekwama wapi, unataka nini, na atapata nini lini. Hata akifunga hapo, amefunga akiwa na habari kamili, na anaweza kumweleza mwenzake mezani bila kuufungua tena ukurasa wako. Tena angalia kwamba hakuna sifa hata moja. Hakuna bora, hakuna kisasa. Tani 400 zinajisemea.

Hatua ya 5: Thibitisha kwamba wanunuzi wapo

Swali linalofuata kichwani mwake ni hili: nani atanunua lita 56,000 za nyongeza? Hapa watu hukimbilia idadi ya Watanzania na ulaji wa mafuta wa nchi nzima. Haisaidii. Nchi nzima hainunui kwako.

Kinachosaidia ni daftari. Kiwandani kwa kawaida kuna mtu anayepokea simu za wateja, na Januari hadi Mei jibu lake ni kwamba mafuta hayapo. Mwambie aandike kila ombi: tarehe, mteja, madumu mangapi. Msimu mmoja tu wa kuandika hivyo unakupa sentensi kama hii: "Kati ya Januari na Machi mwaka huu wateja wetu wa jumla wa Singida na Dodoma waliomba lita 41,000 ambazo hatukuwa nazo, orodha iko kwenye kiambatisho." Lita 41,000 hazifiki 56,000, na usijaribu kuzinyoosha zifike. Sema lita 15,000 zinazobaki utazipeleka wapi, au punguza tani. Mwekezaji akiona pengo ambalo umelionyesha mwenyewe, anaanza kuziamini namba zako nyingine.

Kama hukuwa na daftari, tumia oda zilizoandikwa, jumbe za wateja, au vitabu vya risiti vinavyoonyesha mteja yule yule akirudi mwezi hadi mwezi. Barua za nia za kununua nazo zina uzito, ila uzito mdogo kuliko risiti.

Hatua ya 6: Taja hatari kubwa, kwa hesabu

Hii ndiyo sehemu ambayo huamua, na ndiyo watu huiandika vibaya kuliko zote. Wanaandika kwamba hatari ni "mabadiliko ya soko" na kwamba "menejimenti itazidhibiti ipasavyo". Msomaji hapo anajua kwamba mwandishi hajawahi kukaa akazifikiria, au amezifikiria akaogopa kuzisema.

Kwa alizeti hatari ya kwanza ni mafuta ya kutoka nje, hasa ya mawese. Yakiingia kwa wingi na kwa bei nafuu, bei ya alizeti sokoni inashuka. Ushuru wa mafuta hayo unaweza kubadilishwa na bajeti ya Serikali, ambayo husomwa bungeni mwezi Juni, yaani wiki chache tu kabla hujaenda kununua mbegu. Huna uwezo juu yake. Una uwezo wa kusema ikitokea utafanyaje.

Rudi kwenye tani moja. Ili mwekezaji apate milioni zake 27 na bima ya ghala ilipwe, tani 200 lazima zibakize milioni 31, yaani shilingi 155,000 kwa tani badala ya 245,000. Tofauti ni 90,000, na ukiigawa kwa lita 280 unapata karibu shilingi 320 kwa lita. Kwa hiyo unaandika hivi:

"Hatari kubwa ni kushuka kwa bei ya mafuta Januari hadi Machi. Bei ikishuka kutoka 4,000 hadi 3,680 kwa lita, tani hizi 200 bado zinamlipa mwekezaji chote. Ikishuka hadi 3,500, zitapungua kwa milioni 10, nasi tutazijaza kutokana na faida ya milioni 38 ya tani 400 za mwanzo, ambazo zitakuwa zimeshauzwa kabla ya Januari."

Hesabu hiyo inafaa kwa anguko la bei linalotokea Januari. Bei ikianguka mapema, Julai, ile milioni 38 nayo inayeyuka. Kwa hiyo ongeza sentensi moja: bajeti ya Juni ikishusha bei kabla ya ununuzi, utanunua kwa bei ya chini inayolingana au utapunguza tani, na pesa ambazo hazijatumika zitabaki benki.

Hatari ya pili ni ya ghalani, na inaonekana ndogo mpaka uipime. Mbegu ukizinunua zikiwa na unyevu wa asilimia 12 kisha zikauke hadi 9, maji uliyoyalipia yanaondoka. Tani 200 zinakuwa 193 na kidogo, na karibu milioni 6 zimepotea bila mwizi kuingia. Ukiziacha na unyevu wake, ndiyo mbaya zaidi, zinapata joto, zinaota ukungu, na mafuta yanaharibika. Jibu lake linaingia kwenye sentensi mbili: kipima unyevu kiko getini, gunia lililozidi asilimia 9 halipokelewi au linakatwa bei, magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, na uzito unaandikwa yakiingia na yakitoka.

Hatari mbili zinatosha. Ukiorodhesha kumi, msomaji hajui ipi inakunyima usingizi.

Hatua ya 7: Watu na nyaraka, kwa ufupi

Aya moja. Nani anaendesha, amekamua misimu mingapi, nani anashika hesabu. Sema kampuni imesajiliwa BRELA, mafuta yana alama ya TBS, na hesabu za miaka mingapi zimekaguliwa, kama ndivyo ilivyo. Kama bado, sema lini. Sema pia pesa za mwekezaji zitakaa kwenye akaunti gani ya peke yake na nani anatia sahihi, na kama mbegu zenyewe zitakuwa dhamana. Ukiweza kuziweka kwenye ghala lenye leseni ya stakabadhi ghalani, mfumo ambao Tanzania ina sheria yake tangu 2005, andika hivyo, maana mkopeshaji analielewa hilo mara moja.

Hatua ya 8: Kata, kisha oanisha namba

Ukurasa mmoja na nusu unatosha, na kurasa mbili ndio mwisho. Anza kukata historia ya kampuni, dira na dhamira, na aya yoyote kuhusu sekta. Kisha chukua kalamu, zungushia duara kila namba iliyomo, na uitafute kwenye mpango mrefu. Kama muhtasari unasema milioni 578 na jedwali la ukurasa wa 14 linasema 561 kwa sababu ulirekebisha bei ukasahau, msomaji ataiona. Akiikuta moja hataendelea kutafuta za pili, ataacha.

Linganisha pia na ritani za TRA na taarifa za benki. Mauzo ya milioni 578 yenye milioni 300 tu zilizopita benki yanahitaji sentensi inayosema nyingine zilipita wapi, iwe ni pesa za simu au taslimu, na kitabu gani kinaonyesha.

Baada ya hapo mpe mtu asiyejua lolote kuhusu alizeti, mwalimu au dereva, asome kwenye simu, kwa sababu huko ndiko mwekezaji mwenyewe ataufungulia, pengine akiwa foleni ya magari. Mchukulie simu baada ya dakika tatu na umuulize: wanataka kiasi gani, cha nini, na kitarudi lini? Akikosea moja, usimweleze. Rudi kwenye sentensi iliyompotosha uiandike upya. Majedwali mapana yanayomlazimu avute skrini kushoto na kulia, yageuze kuwa sentensi.

Hatua ya 9: Tuma

Hifadhi kama PDF, na jina la faili liseme kilichomo, kwa mfano `Muhtasari_Alizeti_Singida_Mkopo_180M.pdf`, maana faili linaloitwa `final2` litapotea kati ya mafaili mengine. Kwenye barua pepe usiandike tu "tafadhali pokea kiambatisho". Andika sentensi mbili kutoka aya ya kwanza: mmekwama wapi, mnaomba nini. Mpango mrefu usiuambatishe. Sema uko tayari na utautuma siku atakapouomba.

Na uangalie kalenda. Kwa biashara hii muhtasari utumwe Machi au Aprili, ili mazungumzo na mikataba viishe kabla ya Julai. Ukitumwa Agosti, bei ya 900 uliyoiandika inaweza kuwa imeshapita, na hesabu yote ya tani moja inabidi ifanywe upya kwa bei ya siku hiyo.